Bajeti ya kaunti yako inamjua mama mboga? Hivi ndivyo utakavyojua

Juni 2024 vijana wa nchi hii walifanya jambo ambalo wazee wengi hawakulitarajia: walikaa chini wakasoma Mswada wa Fedha. Waliupasua kifungu kwa kifungu kwenye simu, wakaueleza kwa lugha za nyumbani, wakaingia barabarani, na wengine hawakurudi. Juni 26 Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi.

Sasa niulize swali dogo. Kati yetu sote tuliosoma mswada ule, ni wangapi wamewahi kufungua bajeti ya kaunti yao? Si ya Nairobi kule Bungeni. Ya kaunti unayolala. Mwaka wa fedha wa 2024/25 kaunti 47 ziligawiwa Sh387.4 bilioni kutoka hazina ya taifa, mbali na pesa zinazokusanya zenyewe kwa ada za soko, maegesho na leseni. Pesa hizo ndizo zinazoamua kama zahanati ya mtaa wako ina glavu, kama bomba lina maji, kama soko lina taa, na kama mtoto wa dadako wa miaka minne ana darasa la chekechea. Katiba iliyapa magatuzi kazi hizo zote.

Ukiangalia orodha hiyo vizuri, utaona kitu. Karibu kila kazi iliyo mikononi mwa kaunti ni kazi ambayo serikali isipoifanya, mwanamke ataifanya bure nyumbani. Maji yasipofika, yeye ndiye anabeba mtungi. Zahanati ikikosa dawa, yeye ndiye anakesha na mgonjwa. Chekechea ikikosekana, yeye ndiye anabaki na mtoto na kukosa kibarua. Shirika la Takwimu la Taifa, KNBS, lilipima mwaka wa 2021 jinsi Wakenya wanavyotumia muda wao. Lilikuta wanawake wanatumia karibu saa nne na nusu kila siku kwa kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa. Wanaume? Hata saa moja haifiki.

Kwa hivyo mtu akikwambia bajeti ni hesabu tu na haina jinsia, mwambie aangalie tena. Kila shilingi inayokatwa kwenye maji hulipwa na mtu. Hulipwa kwa muda, na tunajua muda huo ni wa nani.

Jinsia si kale kaidara kadogo

Tuanze na kosa ambalo kaunti nyingi hufanya, na ambalo sisi wananchi huwa tunalikubali bila kuuliza. Ukiuliza ofisa wa kaunti, "Mmetenga nini kwa masuala ya jinsia?" atakuonyesha idara ya Jinsia, Vijana, Utamaduni na Michezo. Yote imefungwa kwenye kifurushi kimoja kama omena. Ndani yake utakuta pesa kidogo za "uwezeshaji wa wanawake", na ukichimba zaidi unakuta uwezeshaji wenyewe ni semina ya siku mbili hotelini, fulana, maadhimisho ya Machi 8 na posho za maofisa.

Hiyo si bajeti inayojali jinsia. Hiyo ni bajeti yenye kichwa cha habari cha jinsia.

Bajeti inayojali jinsia haihesabu ni pesa ngapi zimeandikwa neno "wanawake". Inachukua mafungu makubwa, yaani afya, maji, barabara, kilimo na masoko, kisha inauliza maswali matatu. La kwanza: nani anatumia huduma hii, na anaitumia vipi? La pili: pesa hizi zikitumika kama zilivyopangwa, nani atabaki nje? La tatu: tutajuaje, yaani kuna kipimo gani kilichoandikwa kinachotenganisha wanaume na wanawake?

Swali la tatu ndilo ninalolipenda, kwa sababu halihitaji uwe mwanauchumi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka kaunti ziandike bajeti kwa mtindo wa programu. Maana yake, chini ya kila fungu lazima kuwe na jedwali linalosema pesa zitazaa nini na itapimwaje. Ukisoma "idadi ya wakulima waliopewa mbegu: 3,000" bila kusema wangapi ni wanawake, hapo unajua hakuna mtu aliyefikiria kuhusu jinsia wakati wa kupanga. Kumbuka kwamba katika maeneo mengi mwanamke ndiye anayelima, lakini jina lililo kwenye hati ya shamba ni la mume au baba mkwe. Kama mbegu zinatolewa kwa kuonyesha hati, basi fungu lile la kilimo limeshachagua jinsia yake. Halikusema tu.

Na tusidanganyane, jinsia si wanawake pekee. Wanaume wengi hawaendi kliniki mpaka mambo yaharibike, na zahanati inayofungwa saa kumi na moja jioni haimsaidii kijana wa mjengo anayeshuka kazini saa kumi na mbili. Wanaobingirika na boda boda na kuvunjika miguu ni vijana wa kiume kwa wingi. Kaunti ikifungua kliniki jioni mara mbili kwa wiki kwa sababu imeona nani hafiki mchana, hiyo pia ni matumizi yanayojali jinsia. Maswali ni yale yale matatu.

Kakamega: elfu mbili mara sita

Sasa tuache nadharia, twende kwa mfano halisi.

Juni 1, 2013 serikali ya kitaifa ilifuta ada za kujifungua katika hospitali za umma. Poa sana. Lakini Kakamega iligundua kitu ambacho tangazo la Nairobi halikugusa: kwa mama maskini wa kijijini, ada ya hospitali ilikuwa kizuizi kimoja tu. Kulikuwa na nauli ya boda. Kulikuwa na siku nzima ya kibarua inayopotea kila akienda kliniki. Kulikuwa na watoto wengine wa kuachiwa mtu. Na kulikuwa na yule anayeshika pesa za nyumba, ambaye mara nyingi si yeye. Huduma ilikuwa bure, lakini kuifikia hakukuwa bure.

Mwaka huo huo kaunti ilianzisha mpango wa Imarisha Afya ya Mama na Mtoto, kwa ushirikiano na UNICEF. Mtaani watu waliubandika jina la gavana wa wakati ule, Wycliffe Oparanya. Muundo wake ulikuwa rahisi. Mama mjamzito anayetoka kwenye familia maskini anasajiliwa, kisha anapewa Sh2,000 mara sita, jumla Sh12,000. Hapewi kwa mkupuo. Anapewa anapotimiza hatua: kliniki ya ujauzito, kujifungua katika kituo cha afya, kurudi baada ya kujifungua, na chanjo za mtoto hadi afikishe miezi 18.

Angalia ujanja uliomo. Kwanza, pesa zinamfikia mama mwenyewe, si "mkuu wa familia". Pili, kiasi hakikutengenezwa ili kumlisha mtu mwezi mzima. Kilitengenezwa kuondoa kizuizi kinachojulikana, yaani nauli na siku iliyopotea. Tatu, kila malipo yamefungwa kwenye tendo linaloweza kuhesabiwa, kwa hivyo jedwali la vipimo linajijaza lenyewe. Ukitaka kujua kama mpango unafanya kazi, huulizi ni akina mama wangapi walisajiliwa siku ya uzinduzi na kamera zikiwepo. Unauliza ni wangapi walifika malipo ya sita. Pengo kati ya namba hizo mbili ndilo ripoti yako.

Halafu mwaka wa 2017 bunge la kaunti likapitisha sheria ya afya ya mama na mtoto ili kuupa mpango huu msingi wa kisheria. Hii ni muhimu kuliko inavyosikika. Mpango unaoishi kwa tamko la gavana hufa gavana akitoka, lakini mpango ulio kwenye sheria angalau unampa diwani kitu cha kushika anaposimama na kuuliza pesa ziko wapi.

Hesabu inayoangusha mipango kama hii

Lakini kuna mtego kwenye mpango wa aina hii, na ndiyo sababu nimeuchagua. Mimi chuo sikumaliza, ila hesabu hii inaingia hata kwenye kikokotoo cha simu. Namba zifuatazo ni za mfano, si za Kakamega.

Tuseme kaunti inasajili akina mama 1,000 kila mwaka. Kila mmoja atalipwa Sh12,000, kwa hivyo kila kundi litagharimu Sh12 milioni hadi mwisho. Mwaka wa fedha wa kaunti unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Mama aliyesajiliwa Machi, akajifungua Agosti, mtoto wake atafikisha miezi 18 mnamo Februari ya mwaka wa pili baada ya hapo. Ukihesabu, malipo ya mama mmoja yameangukia miaka mitatu ya fedha. Tuseme moja mwaka wa kwanza, matatu mwaka wa pili, mawili mwaka wa tatu.

Mwaka wa kwanza kaunti inahitaji malipo 1,000 ya elfu mbili, ambayo ni Sh2 milioni. Kila mtu anafurahi, mpango ni rahisi, picha zinapigwa. Mwaka wa pili linaingia kundi jipya la akina mama 1,000 wenye Sh2 milioni yao, na kundi la kwanza linadai malipo matatu kila mmoja, Sh6 milioni. Jumla Sh8 milioni. Mwaka wa tatu kuna Sh2 milioni za kundi la tatu, Sh6 milioni za kundi la pili, na Sh4 milioni za kundi la kwanza. Jumla Sh12 milioni.

Umeona? Idadi ya wanaosajiliwa haijaongezeka hata mtu mmoja, lakini bili imepanda mara sita ndani ya miaka mitatu. Mpangaji aliyenakili bajeti ya mwaka uliopita na kuongeza asilimia tano atakuwa ameshaua mpango kabla mwaka haujaanza. Na dalili utaiona hapa: akina mama wapya bado wanasajiliwa, kwa sababu usajili ndio unaopigwa picha, lakini wale wa malipo ya nne na ya tano wanaambiwa warudi mwezi ujao. Mtoto anakosa chanjo ya mwisho si kwa sababu mama ni mzembe, bali kwa sababu boda ya kurudi mara ya tatu imemshinda.

Ongeza juu yake pesa za kaunti kuchelewa kutoka Hazina Kuu. Hilo ni jambo tunalolisikia kila robo mwaka magavana wakitishia kufunga kazi. Pesa zikichelewa, mishahara hulipwa kwanza. Malipo ya mama wa kijijini asiye na chama cha wafanyakazi hulipwa mwisho. Kwa hivyo unapokagua mpango kama huu usiulize tu, "Mmetenga?" Uliza, "Mmetenga kwa makundi mangapi, na deni la mwaka jana mmeliweka wapi?"

Na kuna kikomo kingine lazima tukiseme. Kitaifa, akina mama waliojifungulia katika vituo vya afya walipanda kutoka asilimia 61 katika utafiti wa afya wa 2014 hadi asilimia 82 katika ule wa 2022. Kila mwanasiasa anaweza kusimama na kusema ni kazi yake. Lakini katika miaka hiyo hiyo kujifungua kulifanywa bure kote nchini, barabara zikafunguliwa, simu zikaenea. Huwezi kuchukua ongezeko lote ukalipa mpango mmoja wa kaunti moja. Unachoweza kukagua ni kile ambacho mpango wenyewe uliahidi: je, yule mama maskini aliyesajiliwa alifika hadi mwisho kuliko jirani yake ambaye hakusajiliwa? Kaunti isiyohifadhi rekodi hizo haiwezi kujibu, hata kama ilifanya vizuri.

Soko lenye ukuta mzuri

Mfano wa pili ni wa mtaa wowote. Tuseme wadi yenu imepewa Sh10 milioni za "kuboresha soko". Mhandisi anakuja na mchoro: ukuta wa mawe kuzunguka soko, lango kubwa la chuma, na ofisi ya mkusanya ada. Unapendeza. Diwani ataweka jina lake langoni.

Sasa turudi kwenye yale maswali matatu. Nani anatumia soko? Nenda saa kumi na moja alfajiri lori la nyanya likiteremsha mizigo, utaona: wengi ni wanawake, na wengi wana mtoto mgongoni. Ukuta unawasaidia nini? Si haba, kidogo dhidi ya wizi. Lakini wanafika gizani na hakuna taa. Jua likipanda hakuna kivuli, na sukuma inanyauka kabla ya saa sita. Choo ni cha mtu binafsi, Sh10 kila ukiingia. Mama akienda mara tatu kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni Sh780. Hiyo ni juu ya ada ya kaunti anayolipa kila asubuhi. Mwanaume anaweza kupunguza safari hizo akajikinga nyuma ya kibanda. Mama hawezi, hasa siku za hedhi au akiwa mjamzito. Kwa hivyo wengine wanaamua kutokunywa maji siku nzima.

Sh10 milioni zile zile zingeweza kununua paa, taa, bomba, vyoo vyenye mlango unaofungwa kwa ndani, na chumba kidogo cha kunyonyesha na kulaza watoto. Hakuna hata senti iliyoongezwa. Kilichobadilika ni nani aliulizwa kabla mchoro haujachorwa.

Lakini usishangilie mapema. Hapa ndipo miradi mingi mizuri hufia. Kujenga choo ni fungu la maendeleo. Kukisafisha, kulipa bili ya maji, kubadilisha balbu na kulipa mtu anayekaa na watoto ni fungu la matumizi ya kawaida. Hayo ni majedwali mawili tofauti, mara nyingi hata vitabu viwili tofauti. Choo kikijengwa bila kuwekewa pesa kwenye jedwali la pili, miezi sita baadaye kitakuwa na kufuli, na ufunguo utakuwa na kijana fulani anayetoza Sh10. Tumerudi pale pale, ila sasa kwa vigae. Kwa hivyo ukiona mradi kwenye maendeleo, tafuta mwenzake kwenye matumizi ya kawaida. Usipompata, ujue umeonyeshwa jengo, si huduma.

Makueni na swali la nani yuko kwenye kikao

Sheria inazilazimisha kaunti ziwahusishe wananchi. Nyingi hutimiza hilo kwa tangazo gazetini, kikao kimoja ukumbini katika makao makuu ya kaunti ndogo, Jumanne saa nne asubuhi. Fikiria ni nani yuko huru Jumanne saa nne asubuhi na ana nauli ya kufika huko. Si mama mboga. Si msichana wa saluni. Ni wale wale wazee wenye koti, wanakandarasi na vijana waliobebwa na lori la diwani. Halafu ripoti inaandikwa: "wananchi walitaka barabara."

Makueni chini ya Gavana Kivutha Kibwana ilifanya tofauti, na ndiyo maana inatajwa kila mahali. Badala ya kuanzia juu, mazungumzo yalianzia vijijini. Vijiji vikakusanywa katika vishada 377, kisha yakapanda hadi wadi zote 30, kaunti ndogo, na mwisho kaunti nzima. Katika kila ngazi watu huchagua wawakilishi wa kupeleka maoni yao juu. Kwa mwanamke, faida ya kwanza ni rahisi mno: kikao kiko umbali wa kutembea, na anaweza kurudi nyumbani kabla watoto hawajatoka shule. Faida ya pili ni kwamba pale kijijini anajua anachosema. Ni vigumu kumwambia mtu anayechota maji kila siku kwamba hajui bwawa linafaa kuwa wapi. Katika kaunti kame kama Makueni, hilo ndilo swali kubwa kuliko yote.

Lakini ngazi nazo zina hatari yake. Kila ukipanda, umbali unaongezeka, kikao kinakuwa kirefu, na wanaopanda wanazidi kuwa wanaume. Kanuni ya theluthi mbili inaweza kutimizwa kwenye orodha ya majina huku wasemaji wakiwa wale wale watatu. Na pendekezo hupotea njiani: kijiji kilisema "maji karibu na shule", wadi ikaandika "miundomsingi ya maji", kaunti ikatenga pesa za ofisi ya maji. Njia ya kugundua ni moja tu. Chukua kumbukumbu za kikao cha kijiji, uziweke kando ya orodha ya mwisho ya miradi, uangalie ni mapendekezo yapi yalifika yakiwa na jina na mahali pake, na yapi yalifika yakiwa maneno matupu.

Mlango uko wapi, na unafungwa lini

Najua unachofikiria: sawa, lakini naingilia wapi? Bajeti ina kalenda, na anayefika Juni huwa amechelewa. Juni ni mwezi wa kelele, si wa maamuzi.

Kufikia Septemba 1 kila mwaka, kaunti lazima ipeleke bungeni mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata. Hapo ndipo miradi inapozaliwa. Kitu kisichokuwa humo ni vigumu sana kukiingiza baadaye, na humo kunatakiwa kufuata mpango wa miaka mitano, ule unaoitwa CIDP, ambao kwa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Kufikia Februari 28 unakuja waraka wa mkakati wa fedha. Huu ndio unaoamua kila idara itapata kiasi gani. Kama unataka afya au maji yapate zaidi, piga kelele Februari. Aprili 30 ndiyo siku ya mwisho ya makadirio yenyewe kupelekwa bungeni, na hapo unaweza kubadilisha mambo ndani ya idara, kwa mfano ukuta uwe choo. Juni 30 mlango unafungwa.

Baada ya hapo kazi ni kufuatilia, na kwa hilo una rafiki usiyemjua. Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, hutoa ripoti za jinsi kila kaunti ilivyotumia pesa zake, kila robo mwaka. Ziko kwenye tovuti ya ofisi yake, bure. Tafuta kaunti yako, kisha linganisha safu mbili: zilizotengwa na zilizotumika. Fungu linaloweza kuwa limetengewa milioni 40 likatumia milioni tatu halikuwa fungu, lilikuwa ahadi. Angalia pia bajeti ya ziada ya katikati ya mwaka, kwa sababu hapo ndipo pesa za chekechea na vyoo hukatwa kimyakimya kuongezewa safari na mafuta ya magari.

Kitu kimoja cha mwisho, hasa kwa sisi wa umri huu. Sheria ile ya 2012, kifungu cha 137, inataka kila kaunti iwe na jukwaa la bajeti na uchumi, ambapo watu wasio maofisa wa serikali hukaa meza moja na gavana na mawaziri wake. Idadi yao inatakiwa kuwa sawa na ya mawaziri wa kaunti. Kifungu kinataja mashirika yanayopendekeza wajumbe hao: ya wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na dini. Soma orodha hiyo tena taratibu. Vijana hawamo.

Kwa hivyo njia yetu ya kuingia ni kupitia milango ya wengine. Msichana aliye kwenye chama cha wanawake wa soko anaweza kupendekezwa. Jamaa wa chama cha wafanyabiashara wadogo anaweza kupendekezwa. Anza na barua moja kwa karani wa bunge la kaunti, uulize: wajumbe wa jukwaa hilo ni akina nani, wanawake wanawakilishwa na nani, na lilikutana lini mara ya mwisho? Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari hiyo. Wakikujibu, una majina. Wasipokujibu, umejua kwamba kaunti yako inapanga bajeti bila kuwa na mtu wa kumuuliza kuhusu choo cha soko.